Jedwali, simulizi au hoja kwa hoja: namna tatu za kumkabidhi meneja mpya ugomvi na msambazaji

Meneja wa ununuzi anahamishwa, mwenzake anaingia Jumatatu, na kwenye dosye kuna ugomvi na msambazaji ulioenea kwenye barua pepe zaidi ya mia. Umeombwa ufupishe mlolongo wote uwe kronolojia yenye tarehe. Unaweza kuipa umbo la jedwali, la simulizi au la hoja kwa hoja. Haya matatu hayafanyi kazi moja, na mengi yanayoharibika wakati wa makabidhiano hutokana na umbo lisilolingana na kinachomsubiri huyo anayeingia.

Ili tusiongee hewani, tuchukue mfano wa kubuni, ingawa mtu yeyote anayeagiza mali kupitia Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, ataufahamu. Kampuni ya Lubumbashi iliagiza tani 60 za chokaa hai kutoka Ndola, Zambia, katika mifuko mikubwa ya tani moja moja, kwa ajili ya kupunguza asidi kwenye kiwanda cha shaba na kobalti. Oda ilidai kiwango cha CaO, yaani chokaa hai halisi iliyomo, kisipungue asilimia 85. Malori yalipakiwa 3 Februari 2025, yakasimama mpakani katikati ya mvua, yakafika depo ya Kampemba 12 Februari. Mifuko 22 ilikuwa imelowa. Chokaa hai ikinyonya maji hujichemsha, huvimba, hupasua mfuko, na CaO inashuka. Msambazaji anasema maji yaliingia depo, sisi tunasema njiani. Mkataba unatoa siku 10 za kulalamika tangu kupokea mali.

## Vigezo vinne

Nitayapima maumbo yote kwa maswali yale yale. Meneja mpya ataelewa hali ya leo kwa haraka kiasi gani? Kila sentensi inaweza kurudishwa kwenye barua iliyoizaa? Kilichotokea kimetenganishwa na kinachodaiwa? Na kuitengeneza kunachukua kazi gani, makosa yakijificha wapi?

Ila kabla ya umbo lolote kuna kazi moja isiyokwepeka.

## Tarehe mbili kwa kila tukio

Barua pepe ina tarehe ya kutumwa. Tukio linaloelezwa ndani yake lina tarehe yake. Ukizichanganya, kronolojia inapotosha hata kama kila neno lake ni la kweli. Katika mfano wetu, bordero ya kupokea mali ilisainiwa 12 Februari, na mtu wa depo aliandika juu yake kwa kalamu kwamba mifuko 22 imelowa upande wa chini. Skani yake ilitumwa ofisini 13 Februari na maneno machache: "Shefu, nakutumia bordero. Mifuko ya chini imelowa, nimeandika mbele ya dereva, naye amesaini." Sampuli ilichukuliwa 19 Februari, matokeo ya maabara yakaja 21 Februari: CaO asilimia 71. Anayenakili tarehe za barua peke yake ataandika "21 Februari: chokaa yagundulika kuwa mbovu", na hapo hapo amempa msambazaji siku tisa za kusema kwamba mali iliharibikia kwetu.

Kisha kuna saa. Lubumbashi iko UTC+2, sawa na Zambia. Kinshasa iko UTC+1. Barua rasmi ya malalamiko ilitumwa na ofisi kuu ya Kinshasa, na siku ya kumi ilikuwa 22 Februari. Ukifungua chanzo cha barua hiyo (kwenye Gmail ya Kifaransa bonyeza `Afficher l'original`) unasoma hivi:

```
Date: Sat, 22 Feb 2025 23:40:12 +0100
```

Kwa Kinshasa bado ni siku ya kumi. Kwa Lubumbashi na Ndola ni 23 Februari, saa 00:40, siku ya kumi na moja. Msambazaji anapojibu kwamba malalamiko yamechelewa, hasemi uongo. Anasoma saa yake. Kwa hiyo chagua saa moja ya kuandikia kronolojia nzima, useme juu ya ukurasa ni ipi, na pale ambapo saa inabadilisha siku, andika zote mbili. Sio kazi yako kuamua saa gani inashinda. Kazi yako ni kuhakikisha meneja mpya anajua kwamba swali hilo lipo.

Tawi la mlolongo nalo lina mambo. Mtu akijibu barua ya zamani badala ya ya mwisho, mazungumzo yanagawanyika, na tawi moja linaendelea bila wengine kujua. Katika mfano wetu, 14 Februari ofisa wa usafiri alimwandikia msambazaji juu ya gharama za malori kusubiri mpakani. Katikati ya aya ya pili aliweka sentensi moja kwamba mifuko kadhaa imefika imelowa. Kichwa cha barua kinasema "gharama za kusubiri", hivyo anayetafuta neno "malalamiko" hataiona kamwe. Lakini ni taarifa ya maandishi kwa msambazaji siku mbili baada ya kupokea mali, mapema kabisa kabla ya siku ya kumi. Kama inatosha kisheria, hilo ni la avoka. Kongo imo tangu 2012 katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na sheria hiyo haihesabu muda wa kasoro inayoonekana sawa na ule wa kasoro iliyojificha. Kwetu sisi ni mstari mmoja ambao haukupaswa kupotea.

Kwa sababu hiyo soma kutoka barua ya kwanza kwenda mbele, moja moja. Usitegemee ile ya mwisho yenye nukuu za zote chini yake. Nukuu hukatwa, majibu yaliyoandikwa kwa rangi katikati ya maneno ya mwenzako hupoteza rangi, na viambatisho kwa kawaida havisafiri na jibu. Mpe kila barua namba, B-001 na kuendelea, uhifadhi nakala kwa namba hiyo hiyo. Maumbo yote matatu yanasimama juu ya namba hizo.

## Umbo la kwanza: jedwali

Mstari mmoja kwa tukio moja, kwa mpangilio wa tarehe ya tukio. Kipande chake kinaonekana hivi:

| Tarehe ya tukio | Tarehe ya barua | Nani, nini | Chanzo |
|---|---|---|---|
| 12 Feb | 13 Feb | Depo yapokea mifuko 60. Bordero ina maandishi ya mkono: 22 imelowa chini. Dereva amesaini. | B-031, kiambatisho 1 |
| 14 Feb | 14 Feb | Ofisa wa usafiri amjulisha msambazaji kwamba "mifuko kadhaa" imelowa. Idadi haikutajwa. | B-034 |
| 17 Feb | 18 Feb | Simu kati ya mkuu wa ununuzi na msambazaji. Imetajwa tu, hakuna maandishi ya yaliyosemwa. | B-037 |
| 19 Feb | 21 Feb | Sampuli yachukuliwa depo. Msambazaji hakuwepo. | B-040 |

Kuelewa hali ya leo. Hapa jedwali ni dhaifu. Baada ya kutoa marudio, barua 140 zinaweza kubaki mistari 38, na meneja mpya atalazimika kuisoma yote ndipo ajue kinachongoja jibu lake. Katika mfano wetu, 3 Machi msambazaji alijitolea kubadilisha mifuko 11, nusu ya ile iliyolowa, kama tutakubali kabla ya 31 Machi. Ahadi hiyo iko mstari wa 29. Anayeingia kazini 24 Machi ana wiki moja, na hakuna kitu kwenye jedwali kinachompigia kelele. Unaweza kuongeza safu ya "bado wazi", ila ukiijaza kila mahali haimsaidii tena.

Kurudi kwenye chanzo. Hapa halina mpinzani. Namba ya barua iko kwenye kila mstari, na asiyeamini anafungua B-031 anaona saini ya dereva kwa macho yake.

Tukio na dai. Jedwali linakulazimisha kuwa mkweli, mradi uchague vitenzi kwa makini. "Msambazaji adai maji yaliingia depo" ni mstari sahihi. "Maji yaliingia depo" ni hukumu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni neno "akubali": mtu ameandika kwamba amepata barua, na mfupishaji anaandika kwamba amekubali yaliyomo. Ukiona neno hilo kwenye rasimu yako, rudi kwenye barua uangalie kama kweli alikubali, na alikubali nini hasa.

Uzuri mwingine ni kwamba pengo linaonekana. Ule mstari wa simu ya 17 Februari ni muhimu kuliko unavyoonekana, kwa sababu baadaye msambazaji ataandika "kama tulivyokubaliana kwenye simu". Meneja mpya anatakiwa kujua kwamba upande wetu hakuna maandishi ya makubaliano hayo, na amuulize yule anayeondoka kabla hajapanda ndege.

Kazi. Ni nyingi lakini nyepesi, na mtu wa pili anaweza kuikagua bila kujua habari za chokaa. Kosa linalojificha ni mistari miwili ya tukio moja, pale barua mbili za matawi tofauti zinapoeleza kitu kile kile kwa maneno tofauti.

Inamfaa nani. Meneja anayejua ugomvi utafika kwa avoka au msuluhishi, na yule anayependa kukagua kila kitu mwenyewe.

## Umbo la pili: simulizi lenye tarehe

Kurasa mbili za aya, kila aya ikianza na tarehe au kipindi, zikieleza kilichotokea na kwa nini kilileta kinachofuata.

Kuelewa hali ya leo. Ni bora kuliko jedwali. Msomaji anapata sababu pamoja na tarehe: malori yalikaa mpakani, mvua ilinyesha, sampuli ilichelewa kwa kuwa maabara ya kwanza ilikataa, barua rasmi ikacheleweshwa kwa kusubiri matokeo. Jedwali linaweka matukio haya jirani bila kusema yanahusianaje. Ukianza simulizi na aya ya leo, "Hadi 24 Machi, ahadi ya mifuko 11 inangoja jibu letu, mwisho 31 Machi", meneja amepata jambo la haraka kabla hajamaliza chai.

Kurudi kwenye chanzo. Inawezekana ukiweka namba ya barua mwishoni mwa kila sentensi nzito, lakini waandishi huchoka katikati. Dalili yake ni rahisi kuiona: ukurasa wa kwanza umejaa namba, wa pili hauna hata moja. Ukiipata rasimu ya namna hiyo, irudishe.

Tukio na dai. Hili ndilo eneo la hatari. Maneno ya kuunganisha kama "kwa hiyo", "matokeo yake" na "licha ya" ni madai yaliyovaa nguo za kawaida. Ukiandika "malori yalikaa siku sita mpakani, kwa hiyo chokaa ikalowa", umeshaamua ugomvi wote kwa neno moja. Tunachokijua ni kwamba malori yalifika Kasumbalesa 5 Februari na kuvuka 11 Februari, na kwamba bordero ya 12 Februari inaonyesha mifuko imelowa. Bordero hiyo ni ushahidi mzuri kwamba maji yaliingia kabla ya depo, lakini mwache meneja alione hilo mwenyewe kutoka kwenye tarehe mbili zilizo karibu. Ukitaka kutoa maoni yako, na mara nyingi ni vizuri uyatoe, yaweke katika aya yake mwishoni, yenye kichwa "Maoni ya mwandishi".

Kwenye simulizi pia ndiko hasira ya mwaka mzima inakoingia. Aliyebishana na msambazaji kwa miezi ataandika "walitudanganya tena". Meneja anayeingia atairithi hasira hiyo bila kujua ilitoka wapi, na wiki ijayo atakaa meza moja na watu hao.

Kazi. Ni fupi kwa anayejua dosye, na ngumu sana kwa asiyeijua. Kijana wa ofisi aliyepewa barua 140 kwa mara ya kwanza asianze na umbo hili.

Inamfaa nani. Meneja anayetoka nje ya idara au nje ya nchi, asiyejua Kasumbalesa ni nini wala kwa nini chokaa iliyolowa haifai. Na mkurugenzi anayetaka kusoma mara moja tu.

## Umbo la tatu: hoja kwa hoja

Unagawa ugomvi katika maswali, na kila swali linapata kronolojia yake fupi. Kwa chokaa yetu yangekuwa matatu: hatari ya njiani ilikuwa ya nani, malalamiko yalifika kwa wakati au la, na mifuko mingapi inabadilishwa.

Chukua swali la kwanza. Oda yetu ya 14 Januari inasema DAP Lubumbashi, yaani hatari ni ya muuzaji mpaka mali ifike kwetu ikiwa tayari kushushwa. Proforma ya msambazaji, iliyotumwa 16 Januari, inasema FCA Ndola, yaani hatari inahamia kwetu mali inapokabidhiwa kwa msafirishaji. Tarehe 20 Januari mhasibu wetu alilipa malipo ya awali akinukuu namba ya proforma. Tarehe 22 Januari msambazaji alithibitisha "oda yenu" bila kutaja masharti. Ni tarehe nne tu. Kwenye jedwali zingetawanyika kati ya barua za bei, namba za malori na salamu za mwaka mpya, na nani angeona kwamba malipo ya 20 Januari yana uzito kuliko lawama zote za Machi?

Kuelewa hali ya leo. Kwa atakayejadiliana, hakuna kinachoizidi, kwa kuwa kila hoja inaishia na mstari wa "imesimama wapi". Kwa asiyejua kisa, inachanganya: anasoma Januari hadi Machi mara tatu, na hapati picha ya siku moja nzima.

Kurudi kwenye chanzo. Ni sawa na jedwali kama namba zimehifadhiwa. Tahadhari moja: barua moja inaweza kuhudumia hoja mbili. Barua ya 14 Februari iko kwenye hoja ya muda, na pia kwenye ya hatari ya njiani. Irudie kote kuwili, usichague.

Tukio na dai. Mgawanyo wa hoja ni uamuzi, na uamuzi una upande. Ukisahau kuandika hoja ambayo msambazaji anaiona kuwa kuu, kwa mfano kwamba sampuli ilichukuliwa bila yeye kuwepo na siku saba baada ya kupokea, meneja mpya ataisikia kwa mara ya kwanza kwenye kikao, mdomoni mwa mpinzani. Kipimo ninachokitumia ni kusoma barua tatu za mwisho za msambazaji na kuhakikisha kila lalamiko lake lina makao kwenye ukurasa wangu, hata lile ninaloliona halina maana.

Kazi. Ni nzito kuliko zote, kwa sababu huwezi kugawa hoja kabla ya kuwa na orodha kamili ya matukio. Anayeruka hatua hiyo hugawa kwa kumbukumbu, na kumbukumbu hukumbuka hoja tulizoshinda.

Inamfaa nani. Meneja anayekwenda kujadiliana ndani ya wiki mbili, na dosye yenye madai kadhaa yasiyotegemeana.

## Kwa hali yako

Kama una siku moja tu na hujui dosye, tengeneza jedwali, kisha andika juu yake sentensi tano: hali ya leo, kinachongoja jibu letu, tarehe ya mwisho iliyo karibu, fakture ipi haijalipwa, na simu au kikao gani hakina maandishi. Haitapendeza, lakini haitamdanganya mtu.

Kama unaijua dosye na anayeingia haijui kabisa, andika simulizi la kurasa mbili, na jedwali liwe kiambatisho. Mpe mtu asiyehusika asome simulizi akiwa na kalamu, azungushie kila "kwa hiyo". Zitakazobaki bila namba ya barua, zifute.

Kama kikao na msambazaji kiko karibu, fanya hoja kwa hoja hata kama utaishia hoja mbili. Anza na ile yenye tarehe ya mwisho. Kwa mfano wetu ni ahadi ya mifuko 11, maana ikipita 31 Machi, ubishi juu ya DAP na FCA utaendelea bila kitu chochote mezani.

Kama avoka ameshaitwa, mpe jedwali na nakala za barua zote, pamoja na zile zinazotuumiza. Tenganisha barua za ndani na zile zilizotumwa kwa msambazaji, kwa rangi au kwa safu, kwa sababu kronolojia husafiri: mtu ataituma kwa haraka akidhani ni ya pande zote, na maneno ya mhasibu kwamba "labda kosa ni letu" yatafika Ndola kabla ya chakula cha mchana. Andika "ya ndani" juu ya kila ukurasa, na tengeneza toleo la pili lisilo na mistari hiyo kwa ajili ya kutoka nje.

Na kama ugomvi bado unaendelea wakati unaandika, weka tarehe na saa ya barua ya mwisho uliyoisoma. Meneja mpya ataanza kusoma kutoka hapo, kwa namba inayofuata.